Kiwango cha saa ya mashine kimeshuka, mashine ni ileile

Tangu mashine ya pili ya kukamua mawese ifungwe hapa kiwandani Kigoma, msimamizi wa zamu ya usiku anagombana na karatasi ya bei. Mashine ya zamani ilikuwa inahesabiwa shilingi 9,300 kwa saa, sasa imeandikwa 6,600. "Mhasibu, umeme haujashuka, mkanda ni uleule. Hiyo 2,700 imekwenda wapi?"

Swali zuri. Tulikaa na kikokotoo, tukaanza na vitu vinavyoifuata mashine yenyewe: umeme 3,000 kwa saa, matengenezo 300, na uchakavu 1,000. Uchakavu umetokana na bei yake, milioni 24, kugawanywa kwa miaka 10, yaani 200,000 kwa mwezi, halafu kwa saa 200 inazofanya kazi. Jumla 4,300, na hapo hakuna kilichoguswa.

Kilichobadilika ni gharama za jengo. Pango ni 400,000 kwa mwezi. Mshahara wa msimamizi pamoja na mlinzi ni 600,000. Ilipokuwa mashine moja, milioni nzima iliangukia saa zake 200, ikawa 5,000 kila saa. Sasa ziko mashine mbili za kuibeba. Pango tumeligawa kwa eneo la sakafu, maana mpya imekula asilimia 60 ya nafasi. Mishahara tumeigawa nusu kwa nusu kwa kuwa uangalizi ni sawa. Ya zamani inabeba 160,000 na 300,000, jumla 460,000, yaani 2,300 kwa saa. Ukijumlisha na 4,300 unapata 6,600.

"Kumbe hata mshahara wangu umo humo," akacheka.

Mpya inabeba 540,000, yaani 2,700 kwa saa. Imenunuliwa milioni 48, kwa hiyo uchakavu ni 2,000; umeme 4,500, matengenezo 300. Jumla 9,500. Akataka kuwapeleka wateja wote kwenye ya zamani. Nikamzuia: ya zamani inapitisha kilo 200 za matunda kwa saa, mpya 400. Kwa kilo, ya zamani ni shilingi 33, mpya haifiki 24.

Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama mpya itafikisha saa zake 200. Ikikamua saa 100, pango, mishahara na uchakavu havipungui, na kiwango kinapanda hadi 14,200. Kwa kilo inakuwa zaidi ya 35, imeipita ya zamani. Usiku ndiko saa zinakopotea: matunda hayajachemka vizuri, au umeme umekatika huku mikungu ya jioni ikisubiri na asidi ya mafuta ikipanda.

Daftari la zamu sasa lina safu mbili kwa kila mashine, saa za kukamua na saa za kusubiri. Kigawanyo ni safu ya kwanza peke yake.