Nafasi ya 19

Jumatano, usiku

Karatasi ya Hisabati imerudi: alama 54 kwa 100, nafasi ya 19 kati ya wanafunzi 42. Mtihani uliopita nilipata 50 na nikawa wa 14. Alama zimepanda, nafasi imeshuka, na mimi kutwa nimeshinda na ile 19 kichwani.

Sasa nimeikalia ile orodha kwa utulivu. Kati ya alama 55 na 60 wamesongamana watu wanane. Alama saba zaidi, ambazo ni kama swali moja, zingenivusha juu ya wote wanane kwa mpigo. Kule juu kabisa wa kwanza ana 93 na wa pili 84, tofauti ya alama tisa, lakini inahesabiwa ngazi moja tu. Kwa hiyo nafasi inategemea sana watu wamejazana wapi, na haisemi lolote kuhusu nilichokosea.

Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba watu hujipima kwa wenzao pale wanapokosa kipimo kingine cha kujipimia. Kipimo kingine ninacho, kimelala hapa mezani kikiwa na wino mwekundu. Nikachukua kalamu nikazigawa zile alama 46 zilizopotea kufuata sababu. Maswali niliyoacha wazi: 16. Nisiyoyajua: 12. Makosa ya haraka: 11. Kusoma swali vibaya: 7, maana waliuliza eneo nami nikatafuta mzingo.

Fungu la makosa ya haraka ndilo lenye ulaghai. Ukishaona masahihisho, kila kitu kinaonekana ulikuwa unakijua. Njia ya kujikamata ni kunakili swali peke yake kwenye karatasi tupu, kufunika masahihisho, kisha kulifanya upya kwa dakika zilezile. Likitoka, kweli ilikuwa haraka. Lisipotoka, hukujua. Nilipofanya hivyo, katika zile 11 alama 4 zimehamia upande wa nisiyoyajua. Nilikuwa nimeandika

3 − 2(x − 4) = 3 − 2x − 8

na nilipolirudia nikaandika −8 ileile. Hasi mbili zikizidishana zinatoa chanya, hivyo ilitakiwa +8. Kosa linalojirudia mtu akiwa ametulia, bila saa ya kumkimbiza, huwezi kulisingizia haraka. Sasa hesabu ni 16 nisiyoyajua na 7 za haraka. Inauma kidogo, lakini angalau najua cha kusoma: kufungua mabano.

Yale maswali ya wazi yana kisa chake. Mtihani ni dakika 120 kwa alama 100, kwa hiyo kila alama ina dakika 1.2. Swali la 9 lilikuwa na alama 6, haki yake ni dakika 7 hivi. Nililipa 25. Zile 18 za ziada karibu zingetosha maswali ya 13 na 14, yenye alama 8 kila moja, ambayo sikuyagusa kabisa.

Kwa nini nilinasa pale? Kwa sababu nikiwa kwenye la 9, wa dawati la mbele alinyoosha mkono kuomba karatasi ya nyongeza. (Mwandiko wake ni mkubwa, mistari mitatu inajaza ukurasa, ila wakati ule nani angekumbuka hilo?) Kuliruka swali nikaona ni kukiri kwamba nimeshindwa. Na kuanzia hapo nikawa nasoma mstari mmoja mara nne. Sehemu ya akili inayoshikilia tarakimu wakati wa kukokotoa ni finyu, na wasiwasi hukaa palepale, tarakimu zikakosa nafasi.

Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha majaribio ambapo wanafunzi waliandika hofu zao kwa dakika 10 muda mfupi kabla ya mtihani, na wenye wasiwasi mkubwa wakafanya vizuri zaidi. Nitalijaribu hilo, lakini haliwezi kunifundisha kufungua mabano. Linahusu tu wasiwasi uliokalia mahali pa tarakimu.

Kwa mtihani ujao, pembeni ya kila swali nitaandika dakika zake kwa penseli kabla sijaanza: alama mara 1.2. Dakika zikiisha, naacha nafasi, naweka duara kwenye namba ya swali, nasonga. Kesho jioni naanza na 13 na 14, dakika 10 kila moja, saa ikiwa mezani.

Nimepiga pia hesabu kwamba zile 7 za haraka zikirudi nafika 61, nawapita wote wanane. Tazama, nimerudi kulekule kwenye orodha. Nazima taa.