Kanda ya harusi ya mwaka 1991: kilichorudi na kilichobuniwa

Jirani yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, alitaka maandishi ya kanga ya marehemu mama yake yasomeke katika kanda ya VHS iliyojaa chengachenga. Programu ya akili bandia ya kukuza picha ilitoa herufi kali mno, lakini nilipolinganisha fremu mbili zinazofuatana, herufi zilikuwa zimebadilika, na uso wa mama ulikuwa na kope ambazo kanda haikuwahi kuzirekodi.

Nikarudi kwenye nakala ghafi, nikatenganisha nusu-fremu 50 za kila sekunde na kupunguza chenga kwa kulinganisha fremu jirani:

```
ffmpeg -i harusi.avi -vf bwdif=mode=send_field,hqdn3d -c:v ffv1 safi.mkv
```

Chenga hubadilika kila fremu ilhali kanga hubaki vilevile, kwa hiyo mahali palipotulia pindo na michoro ya korosho ya katikati ya kanga ilirudi kwa haki. Maandishi hayakurudi, kwa sababu kila herufi ilikuwa na upana wa pikseli mbili tu. Nilimkabidhi nakala hii, na ile iliyokuzwa nikaiandikia juu yake: “Sura na herufi zimebuniwa.”