Nilivyojifunza kuhesabu alama za bolingi kwa mkono

Kwenye bolingi ya pini kumi skrini hukuhesabia kila kitu, lakini mimi nilitaka kujua kwa nini alama hukaa kimya kwa fremu mbili, yaani zamu mbili za kutupa mpira, kisha zinaruka kwa pamoja. Nikachukua karatasi na kalamu, nikaanza kuandika mchezo wangu mwenyewe.

Kilichonifungulia mlango ni kutenganisha kazi mbili: kuandika mitupo na kuandika jumla. Mtupo huandikwa papo hapo. Jumla husubiri. Ukiangusha pini zote kwa mtupo wa kwanza, hiyo ni straiki, unaandika X, na fremu yako ni 10 pamoja na pini za mitupo miwili inayofuata. Ukizimaliza kwa mtupo wa pili, ni spea, unaandika /, na unaongeza pini za mtupo mmoja unaofuata. Mimi huichukulia fremu ya namna hiyo kama deni: siandiki jumla yake mpaka mitupo inayodaiwa ianguke. Na kinachodaiwa ni mitupo, si fremu. Hapo ndipo wengi hupotea.

Huu hapa mchezo mmoja niliouandika.

Fremu ya kwanza niliangusha 7, kisha 3 zilizobaki. Spea. Sikuandika jumla, maana nilidai mtupo mmoja. Fremu ya pili ikaja straiki. Mtupo huo wa 10 ulilipa deni la kwanza: 10 na 10 ni 20, nikaandika 20 chini ya fremu ya kwanza. Ya pili nayo ikabaki wazi, ikidai mitupo miwili.

Fremu ya tatu, straiki tena. Sasa fremu ya pili ilikuwa imelipwa mtupo mmoja na kubakiza mmoja, na ya tatu ilidai miwili. Fremu mbili wazi kwa wakati mmoja, na skrini kimya.

Fremu ya nne nikaangusha 8. Mtupo huo mmoja ulifunga fremu ya pili: 10, 10 na 8 ni 28, jumla 48. Kisha nikaangusha 1, pini moja ikabaki imesimama. Hapo fremu ya tatu ikapata 10, 8 na 1, yaani 19, jumla 67. Ya nne haikuwa na straiki wala spea, kwa hiyo ni 9 tu, jumla 76. Kwa mitupo miwili ya kawaida nimeandika jumla tatu, na ndiyo ile ruka niliyokuwa nikiiona.

Itazame hiyo 8 vizuri. Imehesabiwa ndani ya fremu ya pili, ya tatu na ya nne, kwa hiyo imezaa alama 24. Tangu nilipoliona hilo, mtupo unaofuata straiki mbili ndio ninaoutulizia akili kuliko yote.

Fremu ya tano nilipata 6 na 4, spea. Ya sita 5 na 4. Ile 5 ya kwanza ilifunga ya tano kwa 15, jumla 91, na ya sita ikaongeza 9, jumla 100.

Kabla ya kuendelea huwa nahakiki kwa njia ya pili. Najumlisha pini zote zilizoanguka bila nyongeza: hapa ni 58. Kisha nyongeza peke yake: 10 ya fremu ya kwanza, 18 ya pili, 9 ya tatu na 5 ya tano, jumla 42. 58 na 42 ni 100. Zisipolingana, natafuta kwanza kwenye straiki zilizofuatana. Fremu yenye spea ikizidi 20, au yenye straiki ikizidi 30, kuna kitu kimehesabiwa mara moja zaidi.

Fremu ya saba nilipata 9 kisha nikakosa, ya nane 7 na 2, jumla ikawa 118. Ya tisa, straiki.

Fremu ya kumi ina utaratibu wake. Ukipiga straiki unapewa mitupo miwili zaidi, ukipata spea mmoja, kwa sababu hakuna fremu nyingine ya kulipia deni. Mimi nilipata 10, kisha 7, kisha 3. Fremu ya tisa inachukua mitupo miwili ya kwanza tu, 10 na 7, inakuwa 27, jumla 145. Ya kumi ni 10, 7 na 3, basi. Ile spea ya mwisho haizai nyongeza yoyote. Pini zake zinahesabiwa kama zilivyo. 20 juu ya 145, mchezo ukaisha kwa 165.