Facebook ilikataa kunibadilishia jina wakati wateja wanataka lile la NIDA: nilivyopita

Kwenye kitambulisho cha Taifa mimi ni Fatuma Salum Mbwana. Nyumbani, sokoni na kwa wateja wangu wote mimi ni Tatu, jina nililopewa na bibi kabla sijajua kutembea. Akaunti yangu ya Facebook ilikuwa Tatu Salum kwa miaka mingi, halafu nilipoolewa nikaandika Tatu Rashidi, kwa jina la mume wangu. Nauza vitenge na khanga, nachukua mzigo Kariakoo na kutuma mikoani kwa basi. Biashara ikaenda vizuri mpaka mteja mmoja wa Dodoma akataka doti kumi za vitenge.

Yule dada alikuwa tayari kulipa. Akaingiza namba yangu, na kama mnavyojua, kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la unayemtumia. Likatokea FATUMA SALUM MBWANA. Akasitisha hapohapo na kuniandikia: "Samahani dada, mimi naongea na Tatu Rashidi, huyu Fatuma ni nani?" Sikumlaumu hata kidogo, maana ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, jina linalotokea kwenye pesa za simu ni lile lililoko NIDA. Huwezi kumwambia wakala akuandikie jina unalopenda. Ukitaka kujua laini zipi ziko chini ya kitambulisho chako, piga *106#.

Nikaamua kubadilisha jina la Facebook lifanane na la kitambulisho. Nikaingia Accounts Center, Profiles, Name, nikaandika, na nikakataliwa. Sababu ni kwamba ukishabadilisha jina hapo, unakaa siku 60 kabla ya kuruhusiwa tena, na lile la ndoa nilikuwa nimeliweka wiki chache tu nyuma. Sheria yenyewe naielewa. Bila kizuizi hicho tapeli angeuza leo kwa jina hili na kesho kwa jina lingine, na sisi tunaouza kwa haki tungechafuliwa wote. Kilichonikera ni ushauri niliopewa baada ya hapo.

Kijana mmoja wa stationari ya mtaani aliniambia anajua "kuvunja" zile siku 60 kwa elfu thelathini. Nikamwambia anionyeshe kwanza, pesa baadaye. Akachukua simu yangu, akaenda kwenye mipangilio, akazima saa ya kujiweka yenyewe na kusogeza tarehe mbele miezi miwili na nusu. Akafungua Facebook kwa kujiamini kabisa. Haikufunguka. Akajaribu kwenye Chrome, ikaandika kwamba saa ya simu iko mbele. Akazima data, akawasha. Akawasha VPN. Akaenda kwenye tovuti nyingine kujaribu, nayo ikagoma kwa onyo lile la NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Wateja wawili wakawa wamesimama nyuma yetu wakisubiri fotokopi, na yeye anatokwa na jasho. Nikachukua simu yangu, nikarudisha tarehe, kila kitu kikafunguka, na zile siku zikawa palepale. Mtu yeyote anayekuambia ujanja huu, mwambie hivi: hesabu ya siku haikai kwenye simu yako, inakaa kwenye seva zao. Tarehe ya simu yako hawaiangalii. Ila tovuti zinazotumia muunganisho salama zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu yako ndiyo inayokikagua. Ukiisogeza saa mbele mno, simu inaona cheti kimekwisha muda na inakataa kuunganisha. Kwa hiyo utapoteza mawasiliano na jina libaki lilelile.

Mwingine akasema nifungue akaunti mpya kwa jina la Fatuma. Niache wapi maoni ya wateja wa miaka yote, picha za mizigo iliyofika na marafiki wanaonijua? Akaunti mpya isiyo na historia ndiyo inayomtisha mteja zaidi. Na wa tatu, huyu ndiye aliyenikasirisha kweli, akasema atanitengenezea picha ya kitambulisho chenye jina Tatu Rashidi. Huko ni kughushi nyaraka ya serikali. Unaweza kupoteza akaunti, na pia kuwekwa ndani. Sikuendelea na mazungumzo.

Kilichonisaidia kilikuwa ndani ya Facebook yenyewe na hakikuhitaji kusubiri hata siku moja. Kwenye sehemu ya taarifa zako kuna mahali pameandikwa Other names. Pale unaongeza jina la utani, la kuzaliwa, la ndoa au jina lingine lolote unalojulikana nalo, na kizuizi cha siku 60 hakihusiki. Nikaandika Fatuma Salum Mbwana, nikaweka alama kwenye Show at top of profile, na likaonekana juu pembeni ya Tatu Rashidi. Mteja akifungua ukurasa wangu anayaona majina yote mawili kabla hajaniuliza.

Halafu nikabadilisha namna ya kutuma namba. Zamani nilikuwa naandika namba peke yake. Sasa naandika: "Namba ya malipo ni hii, jina litakalotokea ni FATUMA SALUM MBWANA. Likitokea lingine usitume." Sentensi hiyo ya mwisho ina nguvu kubwa, kwa sababu tapeli hawezi kuiandika bila kujifunga mwenyewe. Yule dada wa Dodoma nilimtumia ujumbe huo pamoja na picha ya ukurasa wangu wenye majina yote, na vitenge vyake vikapanda basi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka linawakuta. Mtu anaweza kuripoti akaunti yako kwamba jina si lako, na Facebook ikakuomba uthibitisho. Ukiwa na jina la mtaani na kitambulisho kinasema vingine, unaona mwisho umefika. Haujafika. Nilisoma maelezo yao ya vitambulisho kwa makini kabla halijanikuta, na njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kutuma kitambulisho kimoja cha serikali, kama pasipoti, leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa au cha ndoa, chenye jina linalolingana na la akaunti. Ya pili, kama huna hicho, ni vitu viwili visivyo vya serikali vyenye jina hilohilo, mfano kadi ya shule, kitambulisho cha kazini au kadi ya uanachama, na angalau kimoja kiwe na picha au tarehe ya kuzaliwa inayolingana na akaunti. Ya tatu ndiyo yetu sisi kina Tatu: unatuma vile viwili vyenye jina la mtaani, na juu yake kitambulisho cha serikali chenye jina lako halisi, ambacho picha au tarehe yake ya kuzaliwa inalingana na akaunti. Cha serikali kinatumika kuthibitisha kwamba wewe ni mtu huyo tu, na jina lililomo hawaliweki kwenye akaunti yako.

Kwa hiyo kadi yenye jina lako la mtaani usiidharau. Mimi nina kadi ya kikundi cha akina mama ya kuweka na kukopa imeandikwa Tatu Rashidi, na kadi ya mteja ya msambazaji wangu nilimwomba aniandikie hivyohivyo. Zimekaa kwenye bahasha moja. Na angalia tarehe ya kuzaliwa uliyoiweka Facebook, maana wengi tuliandika tarehe yoyote siku ya kujiunga. Ile halisi iko kwenye namba yako ya NIDA yenyewe: tarakimu nane za mwanzo kati ya zile 20 ni mwaka, mwezi na siku. Irekebishe sasa ukiwa na amani, kwa sababu nayo ina kikomo cha kubadilishwa, na ikishaombwa uthibitisho umechelewa.

Siku 60 zilipokwisha nikaweka jina nililolifikiria vizuri: la kwanza Fatuma, la kati Tatu, la mwisho Salum. Facebook inaruhusu jina la utani kuwa la kwanza au la kati kama linatokana na jina lako halisi, na Tatu kwa watu wa Pwani ni Fatuma. Usinakili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu NIDA wanaandika herufi kubwa tupu na Facebook haikubali herufi kubwa zisizo za kawaida. Haikubali pia namba, alama wala vyeo. Neno "Vitenge" halina nafasi kwenye jina la mtu. Kabla ya kuhifadhi inakuonyesha jina litakavyokaa. Hapo soma herufi kwa herufi, umpe na mwingine asome, maana ukibonyeza tu, siku 60 nyingine zinaanza kuhesabiwa. Rashidi nikalihamishia Other names, na mume wangu hakuwa na neno.

Shangazi yangu aliona ni heri nibadilishe jina kisheria niwe Tatu moja kwa moja. Nilimweleza kwa heshima kwamba hati ya kubadili jina inavuta vyeti vya shule, benki, pasipoti, kila kitu, na mimi sina ugomvi na jina la Fatuma. Ukihitaji tu kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, kiapo cha majina mbele ya wakili kinatosha sehemu nyingi, ingawa hakibadilishi chochote NIDA. Na ndoa peke yake haibadilishi jina lako NIDA, dada zangu, hata kama mtaa mzima unakuita kwa jina la mumeo.

Nilichokwenda kufanya ni kusajili jina la biashara BRELA, kwa mtandao, kwa kutumia namba yangu ya NIDA. Ilinigharimu kama elfu ishirini hivi. Kumbukumbu zao zinaonyesha biashara inaitwaje na mwenyewe ni nani, kwa hiyo Fatuma na duka lake wameunganishwa kwenye karatasi ya serikali ambayo mteja wa mzigo mkubwa naweza kumwonyesha. Kisha nikachukua lipa namba kwa jina la biashara, na sasa mteja akilipa anaona jina la duka badala ya langu.

Jina la duka nimelifungulia Ukurasa wake Facebook, mbali na akaunti yangu binafsi. Ukurasa una kanuni zake: ukibadilisha jina na likakubaliwa, unasubiri siku 7 tu kabla ya kuligusa tena, na neno "Vitenge" linaruhusiwa.