Jinsi nilivyosoma taarifa ya mfuko wa uwekezaji kabla kikundi hakijatoa milioni 10

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama na vijana wanaouza dagaa Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza. Tulikuwa na shilingi milioni 10 zimekaa benki bila kazi, na kijana mmoja wa kikundi akaleta taarifa ya mfuko wa uwekezaji, kurasa mbili zenye rangi nzuri. Mfuko siutaji jina, na tarakimu nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike.

Kilichowavutia wenzangu ni mchoro. Mstari wa kijani wa mfuko ulipanda juu ya mstari wa kijivu wa kigezo, yaani kipimo ambacho mfuko umejichagulia kujilinganisha nacho. Chini yake pameandikwa: mfuko asilimia 12.6 kwa mwaka mmoja uliopita, kigezo asilimia 10.1. "Mama, hawa wamelishinda soko," kijana akamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwanangu, ondoka nayo hiyo karatasi, uisome mpaka chini, ndipo utuambie."

Nikaanzia pale ambapo watu wengi hupita haraka, kwenye orodha ya mali kubwa 10 za mfuko. Huu ulikuwa mfuko wa mchanganyiko: asilimia 40 hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, 45 hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani mikopo ambayo serikali inailipia riba, na 15 amana za benki. Ukitazama duara la rangi, unaona vipande vitatu na unaridhika kwamba mayai hayako kapu moja. Orodha ilisema vingine. Hisa za benki moja zilikuwa asilimia 13 ya mfuko mzima. Mistari mitano chini yake benki hiyohiyo imetokea tena, safari hii kwenye amana, asilimia 6. Hisa za benki ya pili asilimia 9. Nikajumlisha: 28. Zaidi ya robo ya fedha ya mfuko imeegemea benki mbili, ila kwenye duara imegawanywa rangi mbili tofauti, hisa na amana, kwa hiyo jicho haliunganishi.

Siyo kosa la meneja wa mfuko peke yake. Soko letu ni dogo, na hisa zinazouzika kwa wingi bila kuhangaika kutafuta mnunuzi ni chache, za benki zikiwa mbele. Lakini mwekaji anatakiwa ajue: benki zikiwa na mwaka mbaya, mfuko huu utaumia kuliko duara linavyoonyesha. Tangu siku hiyo orodha ya mali naisoma na kalamu mkononi, natafuta jina linalojirudia kwenye hisa, amana na hatifungani za kampuni.

Kisha gharama. Hizi zilikuwa ukurasa wa pili, kwenye jedwali dogo: gharama za mwaka asilimia 2.5 ya mali ya mfuko, ada ya kuingia hakuna, ada ya kutoka asilimia 1 ya thamani unayotoa. Kijana alidhani asilimia 2.5 itakatwa kwenye ile 12.6. Hapana. Gharama za mwaka hukatwa kidogokidogo ndani ya mfuko kabla bei ya kipande, yaani sehemu moja ya mfuko ambayo mwekaji hununua, haijatangazwa, kwa hiyo 12.6 ni baada ya makato hayo. Mali zenyewe zilizalisha takriban asilimia 15.1. Kwa milioni zetu 10 ni kama shilingi 250,000 kwa mwaka, ambazo hutaziona popote kwenye taarifa yako ya akaunti kwa sababu hazitoki mfukoni mwako, zinatoka kwenye bei.

Ada ya kutoka ndiyo haimo kwenye 12.6. Milioni 10 zikiwa 11,260,000 baada ya mwaka, unapotoa zote unakatwa 112,600, unabaki na 11,147,400. Faida yako ni asilimia 11 na nusu hivi. Na ukitoka mapema inauma zaidi: kama miezi mitatu imeongeza asilimia 3, una 10,300,000, ukikatwa 103,000 faida inashuka chini ya asilimia 2. Kwa wauza dagaa hili ni jambo kubwa, maana fedha yetu haina tabia ya kutulia. Pia waliandika kwamba malipo hutoka ndani ya siku 10 za kazi. Mzigo ukishuka bei Mwaloni leo, siku 10 za kazi ni sawa na kutokuwa na fedha.

Sasa mchoro wenyewe. Kando ya mchoro palikuwa na sanduku lililosema "tangu kuanzishwa: asilimia 77", na mfuko ulikuwa na miaka 6. Wenzangu walikuwa wameshagawa 77 kwa 6 wakapata karibu 13 kwa mwaka. Nikawaonyesha kwa kikokotoo cha simu: andika 1.1, zidisha kwa 1.1 mpaka ziwe 1.1 sita. Kioo kinatoa 1.771561. Maana yake asilimia 10 tu kila mwaka, faida ikizaa juu ya faida, inatosha kufika 77. Kwa hiyo wastani halisi wa mfuko ni 10, na ule mwaka wa 12.6 uliowekwa mbele kwa herufi nene ulikuwa juu ya kawaida yake.

Hapo ndipo lile onyo la herufi ndogo lilipopata maana kwangu. Liliandikwa kwamba matokeo yaliyopita si dhamana ya matokeo yajayo na kwamba thamani ya kipande inaweza kupanda au kushuka. Watu hulichukulia kama maneno ya wanasheria. Mimi nililitumia kama amri ya kwenda kutafuta mwaka mbaya. Jedwali la mwaka kwa mwaka lilikuwepo, na mmoja kati ya miaka 6 ulikuwa hasi 1.8. Nikawauliza kikundi swali moja: mwaka ule tungekuwa ndani, na ada ya shule za watoto imefika, tungetoa? Wengi walisema tungetoa. Basi tungetoka na hasara, na asilimia 1 juu yake.

Mwanzo wa kipimo nao una ujanja wake. Mwaloni kila mtu anajua dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka mzigo hupungua bei ikapanda. Ukitaka bei ionekane imepanda sana, anza kuhesabu kwenye giza umalizie kwenye mbalamwezi. Mchoro wa mfuko ulianzia mwezi ambao jedwali linaonyesha soko lilikuwa chini. Sisemi walidanganya, ila nilisoma vipindi vyote walivyoweka, mwaka 1, miaka 3 na tangu kuanzishwa, badala ya kuamini kilichopendeza.

Kilichonichukua muda ni kigezo, na hapo ndipo palipobadilisha uamuzi wetu. Tanbihi ilisema kigezo ni mchanganyiko wa asilimia 40 fahirisi ya hisa za kampuni za ndani, yaani kipimo cha jinsi bei za hisa hizo zinavyokwenda kwa jumla, na asilimia 60 riba ya dhamana za serikali za siku 364, ambazo ni mikopo ya muda mfupi ya serikali. Fahirisi ya kampuni za ndani ni sawa kwao, kwa kuwa mfuko haukuwa na hisa za nje. Soko la Dar es Salaam lina fahirisi mbili kuu, ile ya jumla yenye pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huku, na ile ya kampuni za Tanzania pekee. Wangetumia ya jumla, ulinganisho ungeyumbishwa na mambo ya Nairobi.

Tatizo lilikuwa kwingine. Fahirisi hiyo hupima bei za hisa tu. Gawio ambalo kampuni hulipa wenye hisa halimo. Mfuko wenyewe hupokea gawio na kuliingiza kwenye thamani ya kipande. Hisa zake zikiwa zimelipa gawio la wastani wa asilimia 6, na hisa ni asilimia 40 ya mfuko, hiyo ni pointi 2.4 ambazo mfuko unazo na kigezo hakina.

Upande wa pili vilevile. Mfuko umeshika hatifungani za miaka 20 na 25, kigezo kinatumia riba ya dhamana ya chini ya mwaka mmoja. Kwa mwaka ule hatifungani zake zililipa asilimia 13 na dhamana za siku 364 zilikuwa 8. Tofauti ya 5 kwenye asilimia 45 ya mfuko ni pointi 2.25, nikichukulia kwamba zile amana zililipa kama dhamana hizo. Jumlisha na zile 2.4, unapata 4.65. Ondoa gharama za mwaka 2.5, inabaki 2.15.

Sasa rudi kwenye majigambo. Mfuko ulishinda kigezo kwa pointi 2.5. Kati ya hizo, 2.15 zimetokana na kigezo kuwekwa chini. Kilichobaki kwa ustadi wa meneja katika kuchagua hisa ni 0.35, kiasi ambacho bahati ya robo mwaka moja inaweza kukileta au kukiondoa.

Nilipiga simu kwa kampuni ya mfuko kuhakikisha sijaota. Dada aliyepokea alikuwa mkarimu. Aliniambia, "Ndiyo kaka, gawio liko ndani ya bei ya kipande. Kigezo ni kile kilichopo kwenye waraka wa matoleo." Nilimwomba waraka huo, akautuma. Humo nilikuta kigezo kimeandikwa hivyohivyo tangu mwanzo, na kwamba meneja halipwi ziada kwa kukishinda. Hilo lilinituliza, kwa sababu pale ambapo kuna ada ya mafanikio, kigezo cha chini hugeuka kuwa fedha inayotoka kwako.

Mkutanoni sikuwaambia mfuko ni mbaya. Asilimia 10 ya wastani baada ya gharama ilikuwa juu ya ile tuliyokuwa tunapata benki, na mfuko una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, nililithibitisha kwao. Nilichowaambia ni kwamba tunanunua hatifungani za serikali na benki mbili kwa kiasi kikubwa, tunalipa 2.5 kwa mwaka kwa ajili ya mtu wa kutushughulikia, na ule mstari wa kijivu usiwe sababu ya kuingia.

Kijana akauliza kwa nini tusinunue hatifungani wenyewe tukaokoa hiyo 2.5. Swali zuri. Jibu langu lilikuwa kwamba hatifungani ya miaka 20 ukitaka kuiuza kabla ya muda unatafuta mnunuzi sokoni na bei inaweza kuwa imeshuka, wakati vipande mfuko wenyewe unavinunua tena kwa bei ya siku. Hatukuafikiana kabisa, bado anaishikilia hoja yake.

Tuliweka milioni 4, zile ambazo hazihitajiki kwa miaka mitatu. Milioni 6 zimebaki benki kwa ajili ya kununua mzigo. Kila taarifa ya mwezi ikitoka naandika kwenye daftari vitu vitatu: bei ya kipande, gharama za mwaka, na jumla ya zile benki mbili. Ya mwisho imefika 31, na mwenyekiti ameshaniambia ikigusa 35 tuitishe mkutano.