Vile nilichagua nywele ya intavyu ya benki hapa Kisumu

Intavyu ilikua ya kazi ya kaunta kwa benki, tawi la hapa Kisumu mjini, Alhamisi saa tatu asubuhi. Barua ilisema tu tuvae rasmi, nywele haikutajwa mahali popote. Ndio maana naandika hii, juu mavazi mtu yeyote atakuambia, suti nyeusi, blauzi nyeupe, viatu vya kufunika vidole, imeisha, lakini ukifika kwa kichwa kila mtu ana lake, na kama nywele yako ni asili, ile ngumu ya kipilipili kama yangu, na unaishi karibu na ziwa, kuna vitu unafaa kupanga mapema.

Kwanza kabisa nilienda kuangalia. Niliingia kwa hiyo benki yenyewe nikapanga foleni ya kuweka pesa na macho yangu yote yalikua kwa vichwa vya stafu. Mmoja alikua na wigi fupi nyeusi, wawili wamesuka laini nyembamba za kurudi nyuma, mwingine nywele yake mwenyewe ameibana nyuma, na yule wa dawati la kuuliza maswali alikua na dredi, nadhifu kabisa, zimefungwa chini ya kisogo. Kwa hivyo si ati walitaka nywele laini ya kizungu, hapana. Kitu walikua nacho wote ni hiki: rangi moja iliyo karibu na nyeusi, hakuna kitu inaanguka kwa uso, hakuna kitu inacheza mtu akigeuza kichwa, na njia kwa kichwa zimenyooka. Nikatoka hapo nikijua natafuta hayo manne na sio staili fulani.

Binamu yangu anafanya kwa ofisi ya mawakili huko Milimani na yeye aliniletea wigi yake ya bobu, nzuri, bei yake si ya mchezo. Niliivaa kwa nyumba mchana mzima nikifanya kazi zangu za kawaida, na nakushauri ufanye hivo kabla ya kuamini wigi yoyote ya kuazima. Hapa kwetu mchana joto linafika digrii 30 hivi karibu mwaka mzima, kichwa kinatoa jasho chini ya ile kofia ya ndani, halafu wigi inaanza kurudi nyuma kidogo kidogo na pale mbele inainuka, na wewe bila kujua mkono unaenda kuirudisha. Kwa paneli watu watatu wanakuangalia kwa nusu saa, mkono kwenda kwa kichwa kila saa unaonekana vibaya kuliko hata nywele yenyewe. Kama ni yako na imekushika vizuri hakuna shida, hii haikua yangu na kichwa chake ni kikubwa kuliko changu, basi nikamrudishia na asante.

Kupiga pasi nayo nilikataa mapema. Moto unanyoosha nywele kwa muda tu, maji yakirudi, iwe ni jasho au mvuke au hii hewa nzito ya asubuhi kutoka ziwani, inajikunja tena, na haijikunji yote mara moja, inaanza pale kwa shingo na nyuma ya masikio, kwa hivyo saa mbili uko sawa na saa nne juu imelala na chini imefura. Na dawa ya kulainisha sio kitu ya kuweka wiki ya intavyu, ikikuchoma unaenda kukaa mbele ya watu na vidonda kwa ngozi.

Nikabaki na laini za kurudi nyuma zinazoishia kwa kibani cha chini, ule mviringo wa nywele unafungwa nyuma ya kichwa. Hiyo ndio nilisuka na hiyo ndio naweza kueleza vizuri.

Jumapili niliosha, na nilisuuza sana, juu ukisukwa laini ngozi yote iko wazi katikati na mabaki ya shampuu yakikauka yanakaa mba kabisa. Badala ya draya nilifunga uzi, ule mweusi wa kawaida wa nywele, nikalala nao, asubuhi nywele ilikua imenyooka na imekauka mpaka kwa mizizi. Kukauka ni muhimu, ukisuka nywele ikiwa na unyevu ndani inabaki hivo hivo chini ya laini na baada ya siku mbili inatoa harufu, na kwa chumba kidogo cha intavyu harufu inafika mbali.

Jumatatu nikaenda Kibuye kwa msusi wangu, mama mmoja ametusuka sisi na dada zangu tangu tukiwa shule. Nilibeba nywele ya kuongeza, namba 1B na sio 1. Namba 1 ni nyeusi tititi, kwa jua inang'aa na watu wanaona mahali yako inaisha na ya duka inaanza, 1B ndio inakaribia nywele za wengi wetu. Nikamwambia nataka laini kumi za saizi ya kati, zimenyooka, hakuna kupinda, hakuna shanga, hakuna ile ya kupita upande.

Alianza na mbele na nikaskia ngozi ya paji inavutika.

"Anti, hapo mbele tafadhali legeza kidogo."

"Nikilegeza haitamaliza wiki mbili, mama. Utarudi hapa ukilia."

"Sitaki wiki mbili anti. Nataka ifike Alhamisi ikiwa safi, Jumamosi nafumua."

Alinyamaza kidogo, akacheka, akafumua ile ya kwanza akaanza tena. Na hapo ndipo siri iko kwa maoni yangu. Wasusi wetu wanavuta juu wateja wanataka nywele ikae, pesa yao ionekane, hawana ubaya. Lakini wewe wa intavyu unahitaji siku chache tu, kwa hivyo unaweza kumuachia hiyo wiki ya pili na upate ngozi imetulia. Ukivutwa sana kesho yake unaona vipele vidogo vyenye kichwa cheupe kwa mstari wa mbele, ngozi inang'aa, kuinua nyusi ni shida, na uso unakaa wa mtu amekasirika ilhali unajaribu kutabasamu. Na ukizoea kuvutwa hivo, nywele ya mbele inaanza kung'oka na mwisho haimei tena. Kipimo changu ni rahisi, nikiwa bado kwa kiti nainua nyusi na nainamisha kidevu mpaka kifuani, ikiuma nasema hapo hapo. Kama ni ya kumeza panadol usiku ndio ulale, hiyo imevutwa kupita kiasi. Na ndio sababu ya kusuka Jumatatu sio Jumatano, hata ile iliyosukwa vizuri ngozi inahitaji siku mbili itulie, lakini ukiweka wiki nzima kabla, vinyweleo vinaanza kutoka kwa laini na inakaa nzee.

Kibani nilifikiria zaidi kuliko laini. Ukikiweka juu kichwani kinakua staili ya sherehe, ukikiweka chini kabisa kinakaa juu ya kola ya koti, kila ukigeuka kola inakisukuma na pini zinatoka. Mahali pazuri nilipata ni usawa wa ncha ya chini ya sikio, kwa ule mbonyeo juu ya shingo. Na kiwe kidogo. Msusi alikua ameongeza nywele nyingi kikatoka kama andazi la hoteli, nikamuomba apunguze nusu, tukafunga, tukaweka kineti cheusi na pini nne. Ncha za ile ya kuongeza alichovya kwa maji moto ndio zisichomoze, na akawa mwangalifu yasiguse shingo. Nilikua nimebeba koti la suti kwa mfuko, nikalivaa hapo hapo kwa soko watu wakiniangalia, nikageuza kichwa kushoto kulia, nikainama kama naweka sahihi, nikaegemea kiti. Halafu nikampea simu anipige picha ya nyuma na za pande mbili kwa mwanga wa nje. Nyuma huwezi kujiona na ndio watu wataona ukiingia na ukitoka.

Kusuka alichukua shilingi 500, na nywele ya duka ilikua pakiti moja tu.

Sasa jeli. Mimi hutumia jeli kulaza zile ndogo za mbele, na kuna kitu kinasumbua wengi, ile jeli kukauka na kutoa vipande vyeupe kama ngozi imebambuka, na kwa koti jeusi inaonekana yote kwa mabega. Mara nyingi jeli yenyewe ni sawa, tatizo ni haipatani na krimu uliyopaka kabla. Unajua hivi: weka tone la krimu na tone la jeli nyuma ya mkono, sugua pamoja na kidole, ikibaki laini tumia, ikianza kuganda na kutoa chembe nyeupe acha mojawapo. Zangu ziliganda, nikaacha krimu nikatumia maji kidogo na jeli peke yake. Mafuta nayo niliweka tone tu kwa njia za laini Jumanne, siku yenyewe sikugusa, juu kwa hili joto mafuta ya kichwa yanashuka kwa paji yanakutana na vumbi.

Usiku nililala na kitambaa cha satini, cha pamba kinavuta vinyweleo nje. Alhamisi asubuhi nikalaza mbele na mswaki mzee, nikafunga kile kitambaa dakika kumi ikakauka, na sikukitoa. Boda sikupanda, helmeti ingekalia kibani changu, nikachukua tuktuk kutoka Manyatta na hata hiyo iko wazi pande zote upepo unaingia, kwa hivyo kitambaa kilibaki kichwani mpaka kwa choo cha benki ndio nikakitoa, nikaangalia mabega, nikabonyeza pini moja, nikaenda kuketi na wengine.

Paneli hawakusema neno juu ya nywele, na ndivyo nilitaka. Sikuigusa hata mara moja, akili yangu yote ilikua kwa maswali yao ya kuhesabu pesa na ya mteja akija na noti bandia.

Jumamosi nilifumua kama nilivyomuahidi anti, kutoka ncha kwenda juu, mbele nikaenda polepole, hakuna kipele hata kimoja. Na kwa mwenye dredi anayejiuliza, yule dada wa dawati nilimuuliza nikitoka. Aliniambia yeye husokota upya wiki moja kabla ya mambo makubwa na sio jana yake, ngozi ikitulia anazifunga chini na kamba nyeusi isiyo na chuma, bila pambo lolote, na hajawahi kuulizwa chochote juu yazo tangu aingie hapo.