Mashindano ya Sala

Juzi usiku mpwa wangu kanirushia picha ya barua kwenye simu. "Mjomba, niangalizie lugha tu, kesho naipeleka Lindi." Nikavaa miwani. YAH: MAOMBI YA UDHAMINI WA MASHINDANO YA MPIRA WA MIGUU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Hapo sikuwa na neno, barua bila kuhusika na kichwa cha habari haijawa barua. Nikashuka mpaka aya ya tatu: "Kampuni yako itatangazwa vya kutosha mbele ya watazamaji wapatao elfu tano."

Elfu tano! Zile zile. Sijui kaziokota wapi, maana mimi sikumwachia nakala.

Yangu niliiandika Mei 2014, nikiwa katibu wa kamati pale Mtama. Mwaka huo Ndanda walikuwa wamepanda Ligi Kuu, na kila kijana wa kusini mwenye viatu vya njumu alikuwa anajiona yuko safarini. Tulikuwa na timu nane, kibali cha chama cha mpira cha wilaya na muhuri wa mtendaji. Hela ndiyo hatukuwa nayo. Nikaandika barua ya kuomba shilingi milioni tatu, nikaiweka kwenye bahasha ya kaki, nikapanda Noah kwenda Lindi mjini, kwenye kampuni moja ya pembejeo iliyokuwa inatuuzia salfa ya kupulizia mikorosho.

Nilitarajia kumkuta mzee wa mpira, yule wa kuanza na Simba na Yanga kabla ya habari yenyewe. Nikamkuta mama wa makamo, kajitanda mtandio, mbele yake kikokotoo na penseli iliyochongwa kwa wembe. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Akaisoma barua yote, mpaka "wako katika michezo". Halafu akarudi juu na penseli.

"Hawa elfu tano mliwahesabia wapi?"

Nikasema uwanja unajaa sana, mama.

"Kwani kiingilio kipo?"

Hakipo.

"Basi tuwahesabu hapa. Uwanja una urefu gani?" Nikamwambia kama mita mia. "Watu wanakaa pande zote?" Nikawaza. Kusema kweli, hawakai pande zote. Mechi zetu ni za alasiri, jua linawaka kutoka magharibi, na upande huo wa magharibi ndiko kwenye miembe. Watu wote wanabanana kivulini, jua wamelipa mgongo. Upande wa mashariki ni barabara na jua la uso, labda wenye bodaboda waliosimama kidogo.

Akageuza barua yangu, ile yenye muhuri wa mtendaji, akachora mstatili kwa nyuma. Upande mmoja akaweka vimiti. "Mita mia. Kila mita wanakaa wawili, wakibanana. Safu ngapi?" Safu tatu, siku ya fainali labda nne. Akaandika: mia mara mbili mara tatu. Mia sita. Akaligeuza karatasi tena, akakata elfu tano kwa mstari mmoja, juu yake akaandika 600. Hakunikaripia. Alifanya kama anavyosahihisha stakabadhi ya gunia.

"Mia sita ni wengi," akasema. "Mia sita wanaolima korosho ni wengi mno kwangu. Elfu tano wangenifanya nisikuamini hata hili la muhuri."

Kisha akauliza bango litakaa wapi. Hapo nilikuwa na jibu tayari, kamati ilikuwa imeshalijadili: tutalifunga kwenye miembe, kuna matawi mazuri na hatutagharamia nguzo. Akaiweka ncha ya penseli kwenye vile vimiti. Akanyamaza. Nami nikaangalia ile ncha, na sikuhitaji kuambiwa. Watu wamekaa chini ya miembe, wanatazama uwanja. Bango liko kwenye miembe. Mia sita wote wamelipa kisogo.

"Liende ng'ambo," akasema. "Jua la jioni litalipiga usoni, na wao watalitazama dakika tisini wapende wasipende. Mtatafuta nguzo."

Halafu akainuka, akanitoa nje. Tukavuka barabara, akaniambia nihesabu hatua sitini kulifuata eneo la wazi la jirani, upana wa uwanja wetu, kisha nigeuke nisome kibao cha duka lake. Nilisoma jina la kampuni na neno SALFA, herufi zenye urefu wa karibu shubiri. Chini yake palikuwa na mistari miwili mingine. Nilijua ni namba za simu kwa sababu tu mistari ya chini ya vibao huwa ni namba za simu. Mimi kijana wa miaka ishirini na minne, macho makali, sikuipata hata tarakimu moja.

"Basi bango lenu liwe na maneno mawili," akasema niliporudi. "Hayo mengine aseme mtangazaji." Tukakubaliana: kabla ya mechi, mapumziko, na kila baada ya goli. Nikacheka kwamba je, wakitoka sare ya bila kufungana? Hakucheka. Akaandika "au dakika ya 60 na 80".

La mwisho lilikuwa tarehe. Sisi tulipanga kuanza Agosti, baada ya Idi, mfungo wa mwaka huo ukiwa unaingia mwisho wa Juni. Akatikisa kichwa. Agosti mikorosho imeshapuliziwa, ugonjwa wa ubwiriunga umekula ulichokula, na mwenye kununua salfa keshanunua. Tena wiki ya kwanza watu wanakwenda Ngongo kwenye Nane Nane. Mkulima anaamua Juni, mikorosho inapochipua na kuanza kutoa maua, na wakati huo hana hela, anachagua duka la kwenda kuomba akopeshwe. "Mimi nataka jina langu liwe kichwani mwake asubuhi hiyo," akasema. "Novemba, akiwa na hela ya korosho mfukoni, wadhamini wa bia na wa simu watakutafuteni wenyewe. Msiningoje mimi."

Mashindano yakahamia Juni. Mechi kumi na mbili za makundi wikendi tatu, kuanzia tarehe 7, nusu fainali Jumatano ya 25, fainali Jumamosi ya 28, watu wawahi mfungo. Kombe la Dunia lilikuwa linaanza Brazil katikati hapo, lakini mechi za kwanza za huko zilikuwa usiku kwetu, hazikutugusa. Wakulima nao wanapulizia alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa haujaamka, kwa hiyo alasiri wanakuwa huru. Yote haya mama yule alikuwa ameyajua akiwa amekaa kwenye kiti. Mimi niliyezaliwa Mtama ndiye niliyekuwa naandika kama nimeshushwa jana.

Hakutoa milioni tatu. Alitaka kwanza mchanganuo, mipira bei gani, posho ya waamuzi kiasi gani, mbuzi wa mshindi na wa pili, akatoa laki tisa na bango lake juu. Nusu siku hiyo, kwa hundi ya jina la klabu, si la mtu. Nusu nyingine baada ya fainali, nikimletea taarifa: picha tatu zinazoonyesha bango na watu kwa pamoja, na idadi ya watazamaji kila mechi, imehesabiwa kwa safu kama alivyonifundisha.

Sasa, mwezi wa sita kusini ni kusi. Anayekaa huku ananielewa. Bango la mita nne kwa moja na nusu, limefungwa kwenye mianzi miwili upande wa mashariki usio na hata mti mmoja, ni tanga la jahazi. Wikendi ya kwanza liliangusha nguzo mara mbili, mara ya pili mshika kibendera akaponea chupuchupu. Wikendi ya pili mweka hazina wetu, mtu wa vitendo, akaja na kisu. Alikuwa ameona mjini mabango yamechanjwa vitobo ili upepo upite. Ni kweli wanachanja, nusu duara ndogo ndogo, mbali na maandishi. Yeye alichanja pale mkono ulipofika.

Kimoja kilikuwa ndani ya herufi F. Mpaka nusu fainali kusi ilikuwa imekiendeleza chenyewe, kipande kikapeperuka kikaenda zake. Fainali, siku moja au mbili kabla ya mfungo, uwanja umejaa kuliko nilivyowahi kuuona, nikahesabu safu tano, na ng'ambo, jua la jioni likilipiga usoni kama mama alivyosema, bango linasomeka vizuri mno kutoka mwembeni: SAL A.

Kuna mzee mmoja wa swafu ya kwanza msikitini alinipa mkono wa pongezi. Sikujua nimwambie nini. Vijana wakayaita Mashindano ya Sala, na mpaka leo wengine wakikumbuka mwaka ule wanasema, "ule wa Sala, tuliofungwa kwa penalti."

Picha nilipiga. Zote bango linaonekana, na zote herufi haipo. Idadi ninayo kwenye daftari: mechi ya kwanza watu 210, fainali karibu elfu moja. Taarifa nikaiandika, na kwa mara ya kwanza maishani ilikuwa taarifa ya kweli tupu. Kuipeleka ndiyo sikuipeleka. Wiki ya kwanza nikasema mfungo. Halafu Idi. Halafu nikasema atakuwa ameshasikia. Nusu ya pili ya hela ikabaki Lindi, mbuzi wa mshindi wa pili akageuka kuwa kuku watatu, na mwamuzi mmoja nilimkwepa kwenye kituo cha Mnazi Mmoja kwa karibu mwaka mzima, nikijifanya nasoma gazeti.

Wakati mwingine nadhani mama yule angecheka. Wakati mwingine naiona ile penseli.

Nimemjibu mpwa wangu: lugha iko sawa, ila je, kwenye uwanja wenu jua linazama upande gani, na watu wanakaa wapi?

"Mjomba, mimi nimeuliza lugha."

Nikaikuza barua tena nione anampelekea nani. Kampuni ile ile. Na chini kabisa, baada ya mwenyekiti na katibu, kaniheshimu bila kuniuliza: Mlezi wa mashindano, majina yangu yote matatu, na namba ya simu.

Nimemwandikia alitoe. Ameuliza kwa nini. Toka juzi naandika, nafuta.